Nimehamishia kufua, pasi na maji moto usiku kwenye bei ya masaa, mbona bili imepanda? Hesabu nimekosea wapi

#1 Kisimati
Wadau habari. Nina mwezi mmoja tangu nitoke kwenye bei moja ya kutwa nzima nikaingia tarifu ya masaa, mita ina rejista mbili, ya mchana na ya usiku. Sitaji hela ili kila mtu afuate popote alipo, bei ya zamani naiita pointi 100 kwa yuniti moja, kwahiyo bei mpya ya mchana inakuwa 120 na ya usiku 60. Usiku wao unaanza 22:00 mpaka 06:00.

Tuko watu wanne, tunakula kama yuniti 240 kwa mwezi. Kabla ya kuhama nilikaa wiki tatu na soketi ya kupimia nikazigawa: hita ya maji ya lita 80 inachukua 120, mashine ya kufulia 16, pasi 12, friji 36, na 56 zilizobaki ni kupika, taa, tivii na vidude vidogo. Nikasema maji, nguo na pasi zote naenda nazo usiku, hizo ni 148. 148 mara 60 ni 8,880. Zilizobaki 92 mara 100 ni 9,200. Jumla 18,080. Zamani nilikuwa nalipa 24,000, yaani robo ya bili inaondoka hivi hivi.

Mwezi umeisha, bili imekuja 24,360. Imepanda! Na watu wamejinyima kweli, mashine inazunguka usiku, pasi usiku, hita nimeifungia taima. Naombeni mnioneshe hesabu imepindia wapi.

#2 Bundi
Pole mkuu. Mi hiyo tarifu niliikataa mapema. Wanakupa 60 kwa mkono mmoja wanachukua 120 kwa mwingine, na binadamu anaishi mchana. Rudi kwenye bei moja ulale.

#3 HesabuKwanza
Kosa la kwanza liko kwenye mstari wako wa pili. Zile 92 zilizobaki umezipigia 100, hiyo bei umeshaihama, haipo tena kwako. Zinatakiwa 120.

Ila kuna kosa la pili linalokusaidia. Friji haijui mchana wala usiku, inakula saa 24, na masaa 8 kati ya hayo ni ya bei rahisi, kwahiyo theluthi yake, yuniti 12, ziko usiku bila wewe kufanya kitu. Ongeza 5 hivi za taa na vidude vinavyobaki vimechomekwa. Usiku inakuwa 148 + 12 + 5 = 165, mchana 75.

165 × 60 = 9,900
75 × 120 = 9,000
jumla 18,900

Makosa mawili yamekaribia kufutana, ulitegemea 18,080 na jibu sahihi ni 18,900. Kwahiyo karatasi yako haikuwa mbaya kivile, tatizo liko nyumbani.

#4 Mgeni_Mpya
Samahani naomba kuuliza hapohapo, mi natumia tokeni. Ina maana nikinunua usiku baada ya saa nne napata yuniti nyingi zaidi? Maana huwa nanunua mchana kumbe naibiwa

#5 FundiWaya
@Mgeni_Mpya hapana ndugu, hapa hatuongelei saa ya kununua, ni saa ya kutumia. Mita ya mtoa mada ina saa ndani yake, ikifika 22:00 inaacha kuhesabu kwenye rejista moja inaanza kuhesabu kwenye nyingine. Bei inafuata rejista.

@Kisimati kabla watu hawajaendelea kukisia, nenda kwenye mita bonyeza kile kitufe taratibu mpaka uone 1.8.1 halafu 1.8.2, hizo ndo rejista zako mbili, na 1.8.0 ni jumla. Andika zote, toa za mwanzo wa mwezi. Na usiamini kwamba ya kwanza ni ya mchana, kuna mita zimepangwa kinyume. Isome saa nne usiku ikishapita kidogo, isome tena saa tano usiku, namba iliyosogea hapo katikati ndo ya usiku.

#6 Chekecha
Mi naona shida ni pasi. Umeandika pasi yuniti 12 kwa mwezi, haiwezekani. Pasi imeandikwa wati 2,400 kwa chini. Kama mnapiga pasi masaa 12 kwa mwezi hiyo ni 28.8. Umejidanganya kwa yuniti 17, hapo ndo pamevuja.

#7 MamaPacha
Kisimati pole kaka. Mimi nina miezi minane kwenye hiyo bei na nyumba ina watoto wadogo wawili, nguo haziishi. Kitu nilichojifunza kwa machungu ni hiki. Mwanzoni nilikuwa nawasha mashine saa nne usiku nikienda kulala, inamaliza kama saa sita, nguo zinakaa mbichi kwenye pipa mpaka asubuhi. Zinanuka uvundo. Basi nazirudisha kufua tena usiku unaofuata. Sasa piga hesabu: mfuo mmoja wa nyuzi 60 kwangu ni yuniti moja, usiku ni pointi 60, nikifua mara mbili ni 120, sawasawa kabisa na kama ningefua mara moja mchana. Nilichookoa ni sifuri, na sabuni nimemwaga mara mbili.

#8 Kisimati
Nimesoma, asante Fundi. Kwangu 1.8.1 ni mchana kweli, imetembea 154. 1.8.2 ya usiku imetembea 98. Jumla 252.

Chekecha pasi nilipima, siyo kukisia. Nguo za wiki nzima, karibu masaa matatu, soketi ilisoma 2.8.

#9 HesabuKwanza
Chekecha hata kama pasi ingekuwa 28, jumla ya nyumba inasomwa kwenye mita, haibadiliki. Ukiongeza kwenye pasi inabidi upunguze kwenye kingine. Hiyo haiwezi kupandisha bili.

Sasa hizi namba za #8 zinasema mambo mawili tofauti na watu wasiyachanganye.

La kwanza, umetumia 252, siyo 240. Kwa bei ya zamani hizo 252 zingekuwa 25,200. Umelipa 24,360. Kwahiyo tarifu yenyewe imekupunguzia 840, kilichopanda ni matumizi. Bundi kwenye #2 hajapatia.

La pili, usiku umepata 98 wakati hesabu inasema 165. Yuniti 67 hazikufika usiku. Hilo ndo swali lenyewe.

Kwa wanaotaka njia ya haraka: kila yuniti ya usiku inakupa faida ya 40 ukilinganisha na bei ya zamani, kila ya mchana inakutia hasara ya 20. Kwahiyo moja ya usiku inabeba mbili za mchana. Ukiwa na theluthi moja usiku umetoka sare, chini ya hapo unalipa zaidi kuliko zamani. Hiyo ni kwa bei hizi za mtoa mada tu, kwingine bei zikiwa nyingine na theluthi inabadilika, hesabu ni hiyohiyo lakini.

#10 Bundi
Sawa nimekubali ya 840. Lakini mwezi mzima wa kuamka usiku kwa ajili ya pointi 840, ambazo ni bei ya yuniti nane na kidogo? Mi silali kwa bei hiyo.

#11 FundiWaya
Chekecha kuhusu pasi, umeona kile kitaa kidogo kwenye pasi kinawaka na kuzima? Kikizima pasi haili kitu. Wati 2,400 ni pale inapokuwa inavuta tu. Ikishapata moto inavuta vipande vipande, ukipiga wastani wa saa nzima unapata kama kilowati moja, ya mvuke inazidi hapo kwa sababu inachemsha maji muda wote. Hiyo 2.8 kwa masaa matatu naiamini.

Hita ni tofauti. Hita ikiwaka inavuta moja kwa moja mpaka maji yafike. Na ndo nusu ya nyumba yako, 120 kati ya 240. Yuniti 67 haziwezi kupotelea kwenye pasi na nguo, zote mbili kwa pamoja ni 28. Kwahiyo naomba uniambie taima umeiweka saa ngapi, andika kama ilivyo kwenye kidude chenyewe, na ni ya aina gani.

#12 Kisimati
Ni ile ya duara ya kuzunguka yenye vijino pembeni, imefungwa ukutani na fundi. Nimebonyeza vijino kuanzia 4 mpaka 12. Si ndo usiku wao, saa nne mpaka saa kumi na mbili

#13 FundiWaya
Duara lina namba mpaka ngapi?

#14 Kisimati
Mpaka 24

Subiri kwanza

#15 MamaPacha
Aaah kaka 🙆🏾‍♀️

#16 FundiWaya
Ndo hapo. Saa nne usiku kwenye hilo duara ni 22. Namba 4 ni saa kumi alfajiri, na 12 ni saa sita mchana. Hita yako imekuwa ikiruhusiwa kuwaka saa kumi alfajiri mpaka saa sita mchana kila siku ya mwezi. Nimekutana na hii zaidi ya mara moja, mtu anasoma saa kwa Kiswahili afu anabonyeza kijino cha mzungu.

Sasa fuatilia siku moja. Saa kumi alfajiri inawaka, inarudishia maji mliyooga jioni, hiyo inaisha kabla ya saa kumi na mbili, iko kwenye bei ya 60. Vizuri. Halafu mnaamka mnaoga asubuhi, maji baridi yanaingia kwenye tangi, hita bado ina ruhusa, inawaka palepale saa moja, saa mbili asubuhi, bei ya 120. Nusu ya maji usiku, nusu mchana. Hita inakula yuniti 4 kwa siku, nusu yake ni 2, kwa mwezi 60. Umepoteza 67 usiku. Hizo 60 nimeshakuonyesha zilipo.

#17 HesabuKwanza
Safi sana. Zinabaki 7. Na zile 12 zilizozidi kwenye jumla bado.

#18 Kisimati
Nimekaa chini. Mwezi mzima jamani.

Za 7 nadhani ni pasi. Nikiwa mkweli siyo kila siku tulisubiri saa nne, siku nyingine mwenzangu anaanza saa tatu usiku kwa sababu amechoka na kesho watu wanaamka. Kwahiyo pasi zaidi ya nusu imeangukia kwenye 120.

#19 Chekecha
Za 12 jibu ninalo. Tangi likikaa na maji moto linapoteza joto. Zamani si ulikuwa unawasha hita kwa mkono kabla ya kuoga afu unazima? Sasa lina moto kuanzia alfajiri, ndo joto linavuja siku nzima. Dawa ni kushusha tamostati, weka nyuzi 45, mtaoga vilevile na hakuna kinachopotea.

#20 MamaPacha
Au watu wanaoga muda mrefu. Kwangu maji yalipoanza kuwepo muda wote kila mtu akahamia bafuni. Zamani ukiwasha kwa mkono unajua yanaisha, unaoga kwa adabu.

#21 HesabuKwanza
Au siku. Kisimati bili hii imesomwa baada ya siku ngapi? Yuniti 240 kwa siku 30 ni 8 kwa siku. Kama wamekuja kusoma siku ya 32, 252 ni 7.9 kwa siku, yaani hamjaongeza hata kidogo. Watu wanagombana na bili ya mwezi bila kuuliza mwezi una siku ngapi.

#22 Kisimati
Tarehe ya kusoma mara ya mwisho sina, nilichukua namba zangu mwenyewe ila siku siikumbuki vizuri. Na hali ya hewa nayo imekuwa ya baridi kuliko mwezi ule, maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Hita si inabidi ifanye kazi zaidi?

#23 FundiWaya
Inabidi, ndiyo. Lita mara nyuzi unazopandisha, gawa kwa 860, unapata yuniti. Lita 80 kutoka nyuzi 20 mpaka 60: 80 × 40 ÷ 860 = 3.7. Maji yakiingia na nyuzi 16 badala ya 20 unapandisha 44, inakuwa 4.1. Kwa siku 0.4, kwa mwezi 12. Umeona? Inalingana pia. Kwahiyo ya Chekecha inaweza kuwa kweli, ya MamaPacha, ya siku 32 na ya baridi, zote zinatosha na hakuna namba hapa ya kuzitenganisha.

Ila hiyo ya nyuzi 45 sikubali hata kidogo. Tangi linalokaa vuguvugu siku nzima, hasa kati ya nyuzi 20 na 45, ndo bakteria wa lejionela anapozaliana, unavuta vitone vidogo vya maji yake bafuni vinaingia kwenye mapafu. Tangi la kuhifadhi liwe 60. Kama unataka kujua linavuja kiasi gani lipime: lijaze moto asubuhi mnapoondoka wote, zima, hakuna anayegusa maji saa 24, halafu washa na usome mita limekula ngapi mpaka lizime lenyewe. Likila 1.2 basi ndo uvujaji wako wa siku. Ukizidi sana ya hapo funika bomba la maji moto linalotoka tangini, sehemu ile ya karibu ambayo ukiishika inaunguza, hapo ndo joto linapokimbilia.

#24 Mpigapasi
Nimechelewa. Mi nauliza kwa upande wa pasi tu, maana kwetu tunapiga nyingi. Inalipa au hailipi kusubiri usiku?

#25 HesabuKwanza
Pasi ya Kisimati yote kwa mwezi ni 12. Kuihamisha kutoka 120 kwenda 60 ni 12 × 60 = 720. Katika bili ya 24,000 hiyo ni asilimia 3. Na ni masaa 12 ya mtu kusimama usiku. Hita kwa mlinganisho, kuhamisha zile 60 zilizopotea ni 3,600, na hakuna mtu anayekesha, ni kijino cha taima tu. Uamuzi ni wako ila mimi pasi ningeiacha mchana.

#26 Mpigapasi
Kwetu kuna wikiendi ya bei rahisi siku nzima, nadhani ndo maana naona inalipa. Jumapili mchana napiga yote.

#27 HesabuKwanza
Hapo sawa kabisa. Kisimati kwako wikiendi ikoje?

#28 Kisimati
Sina, Jumapili ni kama Jumatatu.

#29 FundiWaya
Rudi kwenye taima. Cha ajabu ni kwamba kuanza saa kumi alfajiri umepatia bila kujua. Ungeweka 22 maji yangechemka saa nne usiku, yafike 60 saa sita, afu yakae yanapoa mpaka asubuhi. Hita yako kilowati ngapi, 2? Basi 3.7 gawa kwa 2 ni saa moja na dakika 50 hivi kama tangi limeisha kabisa. Weka ianze 03:30 izime 05:45. Usiipeleke mpaka 06:00 kamili kwa sababu saa ya duara na saa ya mita hazifanani. Saa ya mita unaweza kuiona palepale, 0.9.1.

Na hilo duara linaendeshwa na umeme. Umeme ukikatika masaa matatu nalo linasimama masaa matatu, likirudi linaendelea kutoka pale lilipoishia. Hita itaanza kuwaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na hakuna atakayejua mpaka bili. Kila umeme ukirudi nenda kalizungushe mshale uangalie saa. Ama tafuta yenye betri ndani.

#30 Chekecha
Au anunue zile taima za kuchomeka kwenye soketi, ni rahisi na ni za kidijitali.

#31 FundiWaya
Chekecha kwa hita hapana. Kilowati 2 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, za kilowati 3 ni 13, na inavuta masaa mawili mfululizo bila kupumzika. Nimefungua moja iliyoandikwa 16 juu, ndani kile kirelei kidogo kimekuwa cheusi na plastiki imeyeyuka imeshikana na pini. Mwenye nyumba alikuwa anasikia harufu ya samaki aliyeoza usiku akadhani ni takataka, kumbe ni plastiki ya soketi inaungua. Hita inataka kontakta, taima inawasha kontakta tu, mzigo unapita kwenye kontakta.

#32 Kisimati
Yangu ina kontakta, fundi alifunga. Nimeshabadilisha vijino sasa hivi, 03:30 mpaka 05:45. Narudi baada ya wiki.

#33 MamaPacha
Wakati unasubiri nimalizie ya nguo maana #7 nilieleza shida tu. Mashine inakula umeme mwanzoni, pale inapopasha maji, baadaye ni kuzungusha tu ambako ni kidogo sana. Nilikuwa najibana imalize yote kabla ya 06:00. Si lazima. Nimeiseti ianze 05:00, ikifika 06:00 maji yameshapata moto zamani, inamalizia kusuuza na kukamua kwenye bei ya mchana, hiyo nilipima haifiki hata 0.2. Saa moja asubuhi nguo zimetoka, zinaanikwa palepale. Uvundo umeisha.

Na kwa nguo zisizo chafu sana nimeacha nyuzi 60. Kwenye 30 mashine yangu inakula 0.4. Mchana kweupe 0.4 mara 120 ni 48. Mfuo wa 60 usiku ni pointi 60. Yaani kufua kwa 30 mchana ni rahisi kuliko kufua kwa 60 usiku. Nepi na mashuka ya watoto tu ndo yanabaki 60.

#34 Bundi
Hii ya #33 ndo nimeielewa kuliko zote. Kumbe naweza kupunguza bila kuhama tarifu wala kuamka.

#35 HesabuKwanza
Kweli Bundi, na kwenye bei yako ya 100 unatoka 100 unaenda 40 kwa kila mfuo.

#36 Jirani_wa_Chini
Naongea kama mtu anayekaa chini ya mashine ya mtu. Saa kumi na moja alfajiri ikianza kukamua dari langu linatetemeka. Naomba mtufikirie.

#37 MamaPacha
Pole jirani. Kwa saa yangu kukamua kunaangukia karibu saa moja kasoro, natumaini wa chini yangu yuko macho.

#38 Kisimati
Wiki imeisha, siku 7 kamili, nimesoma saa ileile. Mchana 21, usiku 36. Jumla 57.

36 × 60 = 2,160
21 × 120 = 2,520
jumla 4,680

Kwa bei ya zamani ingekuwa 5,700. Nimepunguza 1,020, asilimia 18. Nguo tunafua kama MamaPacha, pasi nimewaambia wapige wakitaka.

Lakini kuna malalamiko. Anayeoga wa mwisho jioni anakuta maji ya vuguvugu tu. Jana mama yangu alitoka bafuni amejifunika taulo mpaka kichwani hakusema neno. Nifanyeje, niwashe nusu saa jioni?

#39 HesabuKwanza
Lita 80 za nyuzi 60 ukichanganya na za 20 upate za kuogea za 40, zinakuwa lita 160. Bomba la kuogea likitoa lita 8 kwa dakika, dakika tano ni lita 40. Watu wanne, 160. Yaani tangi linatosha kwa hesabu tu, na hapo hujatoa joto lililovuja mchana. Wa mwisho lazima apate vuguvugu.

Nusu saa jioni ni yuniti 1 kwa 120. Kwa mwezi 3,600. Ukipandisha tamostati iwe 70, unaongeza 80 × 10 ÷ 860, kama 0.93, lakini unainunua kwa 60, ni pointi 56. Uvujaji unaongezeka, tuseme 0.34, pointi 20. Jumla 76 kwa siku dhidi ya 120. Ningepandisha.

#40 MamaPacha
Nyuzi 70 na watoto ndani ya nyumba? Hapana. Hata 60 inaunguza ndani ya sekunde chache, 70 haikupi nafasi ya kutoa mkono.

#41 FundiWaya
MamaPacha ana haki, 70 usiiweke bila valvu ya kuchanganya pale maji yanapotoka tangini, hiyo inashusha mpaka 50 hivi kabla hayajafika bombani. Na kama maji yenu yana chokaa, jinsi unavyopanda joto ndivyo elementi inavyovaa gamba, baada ya muda inapata moto kupita kiasi ndani ya gamba na inaungua mapema. Mimi kwa mzee wa nyumbani ningempa nusu saa ya jioni nikalipa.

#42 HesabuKwanza
Kwa pointi 44 zaidi kila siku, 1,320 kwa mwezi? Valvu inanunuliwa mara moja.

#43 Bundi
Au bomba la kuogea linalotoa lita chache. Sita badala ya nane, watu wanne wanatumia 120, inabaki 40 kwa mama.

#44 HesabuKwanza
Hilo nalo sikuliwaza. Bundi umeanza kukesha na sisi.

#45 Kisimati
Nitajaribu la Bundi kwanza kwa sababu halihitaji fundi, kwa wiki hizi mbili nimewasha nusu saa jioni ili amani irudi. Tarehe ya kusoma nimeiandika ukutani pembeni ya mita safari hii.

#46 Mgeni_Mpya
Nimeenda kwenye mita yangu nimebonyeza kama #5 alivyosema. Naona 1.8.0 tu, 1.8.1 na 1.8.2 hazipo

#47 FundiWaya
Basi yako inajumlisha tu, haitofautishi masaa, endelea kununua muda wowote. Fuata #33 ya nguo, hiyo inakuhusu.